WhatsApp mbili kwenye simu moja ya laini mbili: notifikesheni zinaingiliana, na bekapu sijui ipi ni ya nani

DukaLaUwani
Wakuu habari za jioni. Nina simu ya Android laini mbili, laini ya kwanza ni ya nyumbani, ya pili ni ya duka (nauza vitenge na mashuka huku Mbagala). Zamani nilikuwa natembea na simu mbili nikachoka, nikaziingiza namba zote mbili kwenye WhatsApp moja kwa ile Add account. Sasa shida ni mbili. Kwanza mlio ni mmoja, mteja anatuma "hii doti bei gani" saa sita usiku nakurupuka nikidhani kuna msiba kijijini. Na mchana simu anashika kijana wangu wa dukani awajibu wateja, halafu meseji za nyumbani zinamshukia hapo juu ya skrini anazisoma zote. Pili bekapu. Namba ya nyumbani inaonyesha imehifadhi kwenye Gmail yangu, 3.1 GB, ila ya duka haimalizi, inaniambia nafasi imejaa. Nikitumia Gmail hiyohiyo kwa zote mbili, hii haitaifuta ile? Naulizia kabisa kwa sababu nataka kubadilisha simu hivi karibuni na oda zote za wateja na madeni yako humo kwenye chati.

NgojaWaje
Nimeweka mkeka hapa, na mimi yananihusu. Wataalamu wanakuja.

Kibopa wa Temeke
Hii ndogo sana mkuu. WhatsApp inafuata laini yenye data. Usiku zima data ya laini ya duka uache ya nyumbani, akaunti ya duka inalala yenyewe mpaka asubuhi. Mimi ndo nafanya hivyo mwaka wa pili huu.

Mama Zulfa Tanga
Mwanangu hiyo rahisi, ingia Settings, halafu Sound, utakuta mlio wa SIM 1 na mlio wa SIM 2, kila laini unaipa wake. Mimi ya kwanza nimeweka kengele, ya pili nimeweka kaswida, hata nikiwa jikoni najua nani ananipigia.

NgojaWaje
Mama Zulfa hapo umemjibu wa simu za kawaida, huyu anaulizia WhatsApp 😂 ila kaswida kwenye laini ya pili nimeipenda

FundiChipu
Kibopa nakuheshimu ila hapo hapana. WhatsApp haijui data inatoka laini gani na wala haijali. Namba inahitajika pale tu unaposajili, ile SMS ya tarakimu sita ikishaingia basi, baada ya hapo akaunti zote mbili zinapita kwenye intaneti yoyote iliyopo, iwe laini ya kwanza, ya pili au Wi-Fi ya jirani. Ukitaka kuhakikisha chomoa hiyo laini ya duka kabisa, washa data ya laini nyingine, mwambie mtu akutumie meseji kwenye namba ya duka. Itaingia.

Mama Zulfa, ule mlio wa SIM 1 na SIM 2 ni wa simu inayoita na SMS, WhatsApp ina setingi zake yenyewe.

Mwenye uzi nijibu kwanza vitu viwili. Hiyo akaunti ya pili umeiongeza ndani ya WhatsApp yenyewe au umetengeneza kopi ya apu, zile zinakuja ikoni mbili? Na simu ina Gmail ngapi?

Kibopa wa Temeke
Kwangu inafanya kazi lakini, nikizima data ya laini ya pili meseji za usiku hazingii.

FundiChipu
@Kibopa na laini ya kwanza ina bando muda huo?

Kibopa wa Temeke
... bando la usiku huwa naweka laini ya pili

NgojaWaje
Basi unazima intaneti yote mkuu unalala kama watu wa zamani 😂😂

DukaLaUwani
Asante FundiChipu. Nimeiongeza ndani, ikoni ni moja, nikitaka kuhama nagusa kale kamshale karibu na jina pale kwenye Settings. Gmail ni moja tu, ileile ya tangu nanunua simu.

FundiChipu
Sawa, nimekuelewa. Nianze na notifikesheni.

Hiyo Add account imekuja mwaka 2023 na kwa mtu anayetaka tu namba mbili haina shida. Kila akaunti ina setingi zake za notifikesheni. Hama kwenda akaunti ya duka, ingia Settings > Notifications, badilisha Notification tone, kisha rudi ya nyumbani uweke mlio mwingine. Meseji ikidondoka inakuandikia ni ya akaunti ipi. Kwa hiyo suala la mlio peke yake linaisha hapohapo.

Ila suala lako sio mlio tu. Wewe unataka duka lilale saa tatu usiku nyumbani kubaki macho, na mchana kinyume chake kijana asione ya nyumbani. Hapo ndipo apu moja inakubana, kwa sababu simu yenyewe inaitambua WhatsApp kama apu moja. Ukiweka Do Not Disturb ukairuhusu WhatsApp ipite, zinapita akaunti zote mbili. Ukitumia Focus mode (ipo ndani ya Digital Wellbeing) ukaisimamisha WhatsApp kuanzia saa tatu usiku, umesimamisha zote mbili, na msiba wa kijijini utausikia asubuhi.

Dawa ni kuzitenganisha ziwe apu mbili. Ya nyumbani ibaki WhatsApp ya kawaida, ya duka ihamie WhatsApp Business. Ni ya bure, ipo Play Store, na simu inaiona kama apu nyingine kabisa: ina mlio wake, ruhusa zake, bekapu yake, folda yake. Hapo Focus mode unaipa Business peke yake, saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi, ikoni inageuka kijivu na haipigi kelele mpaka muda uishe. Meseji hazipotei, zinakusubiri. Na mteja wa usiku unamwekea Away message kule kwenye Business tools, unachagua ijibu nje ya saa za kazi tu.

Kuhusu kijana, washa App lock kwenye WhatsApp ya nyumbani (Settings > Privacy > App lock) na uzime pale pa Show content in notifications. Ataona meseji imeingia ila hataona imesema nini.

Shemeji wa Kigamboni
Hivi kijana ameshasoma zipi mpaka sasa? Tunaulizia kwa niaba ya shemeji yetu

DukaLaUwani
@Shemeji wa Kigamboni nyie watu 😂 ni habari za ada na unga tu

Mzee wa Kopi
Mnamzungusha bure. Simu nyingi sasa hivi zina kopi ya apu, Samsung wanaita Dual Messenger, Xiaomi wanaita Dual apps, na hizi nyingine nazo zina jina lake. Unawasha swichi unapata WhatsApp ya pili yenye kialama pembeni ya ikoni. Mlio wake, notifikesheni zake, hakuna cha Business wala nini. Mimi siipendi Business, wateja wakiona ni akaunti ya biashara wanaanza kuomba punguzo.

Binti Kirumba
@Mzee wa Kopi wateja watakuomba punguzo hata ukiwa na barua ya posta.

Ila kwa huyu mwenye madeni kwenye chati, kopi ningemkataza. Ile kopi inakaa kwenye eneo lake peke yake ndani ya simu, kama mtumiaji wa pili. Ukizima ile swichi hata kwa bahati mbaya, eneo lote linafutwa na chati zilizomo zinakwenda. Binamu yangu hapa Mwanza alikuwa na kopi, simu ikamwambia nafasi imejaa, akaenda kupunguza vitu akaizima swichi akidhani anaficha ikoni tu. Akiwasha tena akakuta WhatsApp mpya inaomba namba. Bekapu ya Google hakuwa nayo kwa sababu kwenye ile kopi kila akigusa kuchagua Gmail ilikuwa haileti kitu.

Mzee wa Kopi
Kwangu inaleta Gmail vizuri tu na inahifadhi.

FundiChipu
Nyote wawili mko sawa, inategemea simu. Kuna zinazoipa kopi huduma za Google na kuna ambazo hazina mpaka uziwashe pembeni. Kwa hiyo mwenye kopi asiamini swichi, aingie Chat backup aangalie tarehe ya mwisho. Kama pale hakuna tarehe, hana bekapu, hata kama hajawahi kuona ujumbe wa kosa.

DukaLaUwani
Sawa kopi naiacha. Sasa hii ya bekapu ndo inanitesa. Gmail moja namba mbili, moja haitaifuta nyingine?

Binti Kirumba
Haifuti. Nilihama simu mwaka jana nikiwa na namba mbili kwenye Gmail moja na zote zilirudi. Bekapu inatambulika kwa vitu viwili kwa pamoja, namba ya simu na Gmail. Namba ya duka ina bekapu yake, namba ya nyumbani ina yake, zinakaa pamoja bila kuchanganyika. Kinachofutwa ni bekapu ya zamani ya namba ileile, maana mpya ikipanda inachukua nafasi ya iliyotangulia, huwezi kuwa na ya Januari na ya Machi kwa pamoja.

Kuona kwa macho, fungua apu ya Drive, gusa vile vistari vitatu, chagua Backups. Utaona zimeandikwa na namba zake.

Kibopa wa Temeke
Bekapu ya WhatsApp haili nafasi ya Google lakini, hiyo ni bure. Kwa hiyo kama inasema imejaa basi ni memori ya simu ndo imejaa.

Binti Kirumba
@Kibopa hiyo ilikuwa zamani. Kuanzia 2024 WhatsApp ya Android inahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure za Google, pamoja na picha na barua pepe. Ndio maana watu wengi bekapu zao zilisimama bila wao kujua.

FundiChipu
Nakazia hapo. Na hii ndo sababu ya kutenganisha Gmail ingawa bekapu zenyewe hazifutani. Gmail moja ikijaa, zote mbili zinasimama. Video za wateja wa duka na video za magrupu ya harusi zinakuzibia mpaka bekapu ya nyumbani. Fungua Gmail ya pili kwa ajili ya duka, iongeze kwenye simu, kisha kwenye akaunti ya duka ingia Settings > Chats > Chat backup, gusa Google Account uchague hiyo mpya. Frequency weka Daily, zima Include videos kama huzihitaji, na pale pa Back up using cellular hakikisha imezimwa, la sivyo bando la wiki linaisha kabla hujaamka.

Ila ukifungua Gmail ya pili iandike jina na nywila mahali. Nimeshaletewa simu nyingi, mtu anasema WhatsApp imekataa kurudisha chati, kumbe bekapu iko kwenye Gmail ambayo kijana wa kwenye kibanda alimfungulia wakati ananunua simu na hakuna anayeikumbuka. Simu mpya ukiingiza namba sahihi na Gmail isiyo yenyewe, inakwambia hakuna bekapu, na mtu anakubali, anaendelea. Usiendelee. Simama hapohapo, ongeza ile Gmail nyingine, ndo urudi. Ukipita bila kurudisha, halafu usiku ikapanda bekapu mpya tupu kwenye Gmail hiyohiyo ya zamani, umeifunika ile ya kweli.

Pwani Digital
Niongezee kutoka Mombasa. Mbali na Google, kila apu inaweka nakala ndani ya simu yenyewe kila siku saa nane usiku, na inabakiza za siku kama saba za nyuma. Mkishatenganisha apu, folda nazo zinatengana, hizi hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
Android/media/com.whatsapp.w4b/WhatsApp Business/Databases
```

Ya chini ndio ya Business. Kabla hujagusa kitu chochote, nakili hizo folda uziweke kwenye memori kadi au kompyuta. Faili zina majina kama msgstore na tarehe, na zimefungwa, huwezi kuzisoma bila namba yako, lakini siku Google ikigoma zinakuokoa.

Kibopa wa Temeke
Sasa kama faili ninalo mkononi namba ya nini tena?

Pwani Digital
@Kibopa ndio maana nikasema zimefungwa ndugu yangu. Ufunguo unapatikana ukisajili namba ileile kwa SMS. Faili bila namba ni mzigo tu.

Mtu wa Muskat
Hapo kwenye namba naomba niingilie, salamu kutoka Oman. Nilikuja huku na simu ya laini mbili, ya Tanzania na ya huku. Ya Tanzania nikaitoa nikaiweka kwenye pochi kwa sababu WhatsApp yake inafanya kazi bila laini, kama FundiChipu alivyosema pale juu. Muda ukapita sijaitumia wala kuiwekea salio, laini ikafungwa, ikauzwa kwa mtu mwingine. Siku moja WhatsApp inaniambia namba hii imesajiliwa kwenye simu nyingine. Chati zote zimo ndani ya simu na siwezi kuzifungua, bekapu iko Google na siwezi kuirudisha, kwa sababu SMS inaenda kwa mwenye laini mpya. Nilimpigia, mama mmoja wa Singida, mstaarabu sana, lakini akaniambia mwanangu hii namba nimeshawapa watu wangu wote.

Mama Zulfa Tanga
Pole mwanangu. Mama wa watu naye hana kosa.

FundiChipu
Pole mkuu. Wote wenye laini ya pili isiyotumika, iwekeeni salio mara mojamoja na mpige hata kwa sekunde chache. Na muwashe Two-step verification, Settings > Account, kwa kila akaunti na PIN yake, na muweke barua pepe. Mtu akiokota namba yako bila ile PIN anasubirishwa siku 7. Haikuokoi moja kwa moja lakini inakupa muda wa kwenda kwa kampuni ya simu ukiwa na kitambulisho, kama laini bado ni yako.

Mtu wa Muskat
Siku 7 hizo ningezijua wakati ule..

Mzee wa Kopi
Mmesahau ile End-to-end encrypted backup. Mimi nimeiwasha zote mbili.

Binti Kirumba
@Mzee wa Kopi nzuri ila uikumbuke nywila. Kila akaunti ina yake, na ukisahau hakuna wa kukufungulia, wala WhatsApp wenyewe. Kwa mtu ambaye Gmail yake tu haikumbuki mi ningesema aache kwanza.

DukaLaUwani
Wakuu nimerudi. Nilichofanya jana jumapili duka likiwa limefungwa ni hiki.

Kwanza nilifungua Gmail ya duka nikaandika kila kitu kwenye daftari la madeni. Nikaiongeza kwenye simu. Nikahamia akaunti ya duka, Chat backup, nikabadilisha Gmail. Include videos ikiwashwa ilikuwa inasoma 6.4 GB, nikazima ikashuka 1.8 GB, nikaenda kwa shemeji mwenye Wi-Fi ikapanda yote. Nikanakili na ile folda ya Databases kwenye memori kadi kama alivyosema Pwani Digital.

Halafu nikashusha WhatsApp Business. Hapa angalieni, mwanzoni kabisa ilinionyesha namba ya nyumbani ikaniuliza nitumie hii au nyingine. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye hiyohiyo. Nikachagua nyingine, nikaandika ya duka, SMS ikaja, ile akaunti ya duka ikatoka yenyewe kwenye WhatsApp ya kawaida, na Business ikauliza Restore. Imerudisha chati zote mpaka zile sauti za wateja. Video ndio hazipo na sizitaki.

Ya nyumbani nimeiacha Gmail ya zamani. Nilipopunguza video za kwenye Google Photos nayo ikaanza kupanda, saa hizi inaonyesha tarehe ya leo.

Focus mode nimeweka Business saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Nimelala jamani.

FundiChipu
Safi sana. Na hapo kwenye kuchagua namba ndipo wengi wanaangukia, ungegusa ya nyumbani ingehamia Business na WhatsApp ya kawaida ingekutoa nje. Jambo moja tu, kutoka WhatsApp kwenda Business chati zinahama vizuri, ila usitegemee kuzirudisha kinyume kutoka Business kuja ya kawaida. Duka limehamia huko, libaki huko.

Shemeji wa Kigamboni
Shemeji mwenye Wi-Fi ni mimi? Sijaona mtu jana

DukaLaUwani
Kuna jipya limezuka lakini. Mchana wateja wanalalamika sijibu. Business meseji zinakaa, nikifungua apu ndo zinamwagika zote kwa mpigo, kumi na mbili kumi na tano. Focus mode imeshaisha saa moja nimehakikisha. Ya nyumbani inaingia papo hapo.

Mzee wa Kopi
Ungetumia kopi.

Pwani Digital
Betri hiyo. Simu nyingi za bei yetu zinaua apu za nyuma ili chaji idumu, na apu mpya ndio ya kwanza kuuawa kwa sababu simu haijakuzoea ukiitumia. Bonyeza ikoni ya Business kwa muda, App info, Battery, weka Unrestricted. Kama simu yako ina mahali pa Autostart, iwashe pia. Na zile apu za kusafisha simu zitoe kabisa.

Binti Kirumba
Au Data saver. Ikiwashwa inaizuia apu kutumia data ikiwa nyuma, na WhatsApp ya kawaida labda uliiruhusu zamani ukasahau. Jaribu hivi, ukiwa kwenye Wi-Fi kama zinaingia kwa wakati na kwenye bando zinachelewa, basi ni hiyo.

Kibopa wa Temeke
Mi nasema ni laini. Simu ikihamisha data kutoka laini moja kwenda nyingine yenyewe, hapo katikati mtandao unakatika. Kuna setingi inaitwa Auto data switching au kitu kama hicho, izime.

FundiChipu
@Kibopa hiyo safari hii sio mbaya, ila ingechelewesha na ya nyumbani pia, na yeye anasema ya nyumbani inaingia papo hapo. Naungana na Pwani Digital, betri. Ila Data saver iangalie kwanza maana ni ya sekunde tano.

DukaLaUwani
Data saver imezimwa. Battery nimeweka Unrestricted, Autostart simu yangu sijaiona iko wapi. Asubuhi zimeingia vizuri, jioni saa kumi na moja hivi zimechelewa tena, sio sana lakini.

Kibopa wa Temeke
Saa kumi na moja mtandao wa Mbagala wote unalemewa, sio simu.

Binti Kirumba
Ya nyumbani nayo ilichelewa saa hiyo? Hilo ndo swali.

DukaLaUwani
Saa hiyo hakuna mtu wa nyumbani aliyenitumia kitu, sijui.

NgojaWaje
Mwambie Shemeji wa Kigamboni akutumie kila siku saa kumi na moja kwa ajili ya majaribio

Mama Zulfa Tanga
Na mimi naulizia, zile picha za wateja mbona zinajaa kwenye Gallery pamoja na za wajukuu? Natafuta picha ya ubatizo wa jirani nakutana na sufuria.

Pwani Digital
Mama, kama unatumia Business ingia Settings, Chats, uzime Media visibility. Picha mpya hazitaonekana kwenye Gallery, utazikuta ndani ya chati. Za zamani zitabaki mpaka uzifute. Na kama una Google Photos, angalia pale pa Back up device folders, folda ya WhatsApp Business Images izime, vinginevyo sufuria zinapanda Google zinakula nafasi mara mbili, huku kama picha na kule kama bekapu.

Mama Zulfa Tanga
Ahsante, Mungu akubariki. Niitafute hiyo Media.

Kijana wa Sinza
Kwa wenye Android 15 kuna Private space, si ndo ingekuwa bora kuliko hizi zote? Unaweka WhatsApp ya pili humo na Gmail yake tofauti kabisa.

FundiChipu
Ni nzuri kwa siri, kwa duka sio. Ukiifunga Private space apu zilizomo zinasimama, notifikesheni haziji. Ukitaka wateja wakupate lazima ikae wazi muda wote, na hapo faida yake unaiona wapi? Kwa anayetaka kumficha kijana ya nyumbani wakati wa kazi labda, ila basi msiba wa kijijini ndo usahau.

Kijana wa Sinza
Na Shelter je? Ile inayotengeneza work profile.

FundiChipu
Hiyo sawa, unaweza hata kuweka Gmail ya pili ndani yake na kuizima yote kwa swichi moja jioni. Ila ukiiondoa work profile kila kitu kilichomo kinafutwa, kesi ya binamu wa Kirumba inarudi palepale. Na kuna simu haziipendi kabisa, hasa zenye kopi ya apu tayari.

Mzee wa Kopi
Kopi yangu ina mwaka wa tatu haijanisumbua, nasema tu.

Binti Kirumba
Tarehe ya mwisho ya bekapu inasomekaje hapo kwenye kopi yako?

Mzee wa Kopi
Ngoja niangalie

NgojaWaje
Tunasubiri hapa

Mzee wa Kopi
Inasema mwezi wa pili. Gmail ipo lakini! Sijui kwa nini imesimama.

Binti Kirumba
GB 15, angalia zimebaki ngapi.

DukaLaUwani
Autostart nimeipata, ilikuwa imejificha ndani ya ile apu ya kusafisha simu iliyokuja na simu yenyewe. Nimewasha. Kesho jioni nitaleta majibu kama ni betri au ni mtandao wa Mbagala.